Saba kwa Kumi

Ndinda alikuja Kalamba mwaka wa 1978 na mfuko wa kukusanyia pumzi za watu, na kwa miezi miwili hakupata watu wa kutosha wa kuupulizia. Ulikuwa mfuko mkubwa wa turubai wenye mpira ndani, ukijaa unatoshana na ndama. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu anakuja asubuhi kabla ya kula, analala kwenye kitanda cha kamba nusu saa, anabanwa pua kwa kibanio, anatiwa bomba mdomoni, kisha anapumua kwa dakika kumi. Lakini kibanio kiliuma. Tena ulizuka uvumi kwamba pumzi za Wakamba zilikuwa zikipelekwa Emali kujaziwa magurudumu ya malori, na mzee mmoja alimwuliza waziwazi kwa nini wenye malori wasijipulizie wenyewe.

Aliyemtuma alikuwa Daktari Mulei wa Nairobi, mtafiti wa lishe, aliyetaka kujua miili ya wakulima wa Makueni inachoma nini inapopumzika. Alitaka watu arobaini. Ndinda alikuwa na kumi na mmoja, na wawili kati yao walikuja tu kwa sababu ya kile kitanda.

Kanisa lilikuwa limempa chumba cha shule ya Jumapili. Humo aliweka chombo chake cha vioo na mirija, chenye zebaki ya kusukumia hewa, na dawa mbili: moja ya kunyonya kaboni dayoksaidi na nyingine ya kunyonya oksijeni. Aliingiza hewa kidogo kutoka mfukoni, akaipitisha kwenye dawa ya kwanza, akasoma imepungua kiasi gani. Akaipitisha kwenye ya pili, akasoma tena. Kwa njia hiyo alijua mtu ametumia oksijeni kiasi gani na ametoa kaboni dayoksaidi kiasi gani. Alikuwa na mkono mtulivu na alijivunia kazi hiyo kuliko alivyokiri.

Sasa, kanisani kulikuwa na vita. Waumini walikuwa wamekubaliana kununua chombo cha kumsifia Mungu, ila hawakukubaliana chombo gani. Upande mmoja, ukiongozwa na Mzee Mwangangi, ulitaka kipaza sauti, ili neno lifike hadi ng'ambo ya mto kwa wale wanaojifanya hawasikii kengele. Upande wa pili, ukiongozwa na Mama Muthoki wa kwaya, ulitaka kinanda. Walikuwa wamebishana tangu Pasaka. Watu wa kipaza walikuwa wameacha kuimba, na watu wa kinanda walikuwa wameacha kusema amina.

Pasta Jonah Kisilu, mtu mpole mwenye kifua chembamba na hofu ya kila aina ya kelele, alitangaza mfungo wa siku nne. "Tutafunga," akasema, "na Jumapili watakaopiga kura ni wale waliofunga peke yao."

Hapo hapo Mama Muthoki akasimama. "Pasta, na chai je?"

Pasta alitazama nyuso za wanakwaya, akaona zinakaribia kulia. "Chai si chakula," akasema. "Chakula ni kile kinachotafunwa. Kinachonywewa si chakula."

Mzee Mwangangi naye akasimama. Alikuwa mrefu, mwenye koti jeusi asilolivua hata wakati wa kiangazi. "Na tutajuaje nani amefunga na nani amejifungia jikoni? Mimi nawajua watu wa kwaya."

Kelele zikaanza. Na Ndinda, aliyekuwa ameketi nyuma, akawaza juu ya watu ishirini na tisa aliopungukiwa nao. Akasimama kabla hajafikiri vizuri.

"Mfuko wangu unajua," akasema.

Kanisa zima likageuka.

Akawaeleza, na alieleza vizuri, maana hilo ndilo jambo alilolipenda. Mwili ni kama moto, akasema, na unachochoma kinajulikana kwa kinachotoka. "Sukari na unga vinakuja na oksijeni yao ndani, inayotosha kuishughulikia haidrojeni yote iliyomo. Kwa hiyo oksijeni unayovuta wewe inabaki na kazi moja tu, kushikana na kaboni. Ukitumia vipimo kumi vya oksijeni, unatoa kumi vya kaboni dayoksaidi. Kumi kwa kumi. Lakini mafuta ni tofauti. Mafuta yana haidrojeni nyingi na oksijeni yake ni haba sana. Oksijeni unayovuta lazima ihudumie wawili. Katika kumi, saba zinashika kaboni na kutoka nayo mdomoni. Tatu zinashika haidrojeni na kugeuka maji. Saba kwa kumi."

"Na mtu aliyefunga?" akauliza Pasta.

"Siku ya kwanza bado ana akiba ya wanga mwilini, atasoma kama nane. Kufikia siku ya tatu akiba imekwisha, anachoma mafuta ya mwili wake. Atakaribia saba."

"Saba!" akasema Mzee Mwangangi kwa sauti iliyojaa ibada. "Namba ya Bwana."

Jioni ile Ndinda alianza kujuta. Alikuwa ametia saini fomu ya Daktari Mulei kwamba vipimo vya mtu ni siri ya mtu. Alijituliza kwamba atamwandikia kila mmoja namba yake kwenye karatasi ndogo, akunje, ampe mwenyewe. Kama mwenyewe ataionyesha, hiyo si siri tena. Ilikuwa hoja dhaifu, na aliijua ni dhaifu, lakini kulikuwa na watu thelathini na sita kwenye foleni ya kujiandikisha.

Siku ya pili ya mfungo Mzee Mwangangi alikuja kukagua kitanda, akidai anataka kuona kama kina heshima. Akakigusagusa, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mwiitu wangu, binti yangu, ulisema mafuta yakiungua ndiyo yanatoa saba?"

"Ndiyo, mzee."

"Mafuta yapi?"

"Mafuta ni mafuta," akasema Ndinda, akiwa anasafisha vali ya mfuko. "Oksijeni haiulizi yametoka wapi."

Mzee alimshukuru kwa heshima kubwa, akaondoka akitembea haraka kidogo kuliko mtu mwenye njaa.

Vipimo vilianza asubuhi ya siku ya tatu na kuendelea hadi asubuhi ya siku ya nne. Walikuja wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Walilala kitandani mikono ikiwa kifuani kama maiti wenye furaha, wakabanwa pua, wakapumua. Watu wa kipaza sauti walikuja kwanza, kumi na wanane. Ndinda alisoma vioo vyake, akapiga hesabu, akasoma tena. Saba nukta mbili. Saba nukta moja. Saba nukta tatu. Mzee Mwangangi mwenyewe, saba nukta moja. Hakuwahi kuona vipimo vya kupendeza namna ile. Karatasi zilikunjwa zikakabidhiwa, na kabla hazijavuka mlango zilikuwa zimebandikwa vifuani kwa pini.

Kisha wakaja watu wa kinanda. Mama Muthoki alisoma tisa.

"Tisa?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ndinda, sijatia tonge mdomoni tangu Jumatano. Nimeona nyota mchana. Nimemwita mume wangu kwa jina la mbuzi."

"Umekunywa chai?"

"Ya maziwa. Alfajiri."

"Na sukari?"

Mama Muthoki alimtazama kama aliyeulizwa kama amevaa nguo. "Chai bila sukari ni ya mgonjwa."

"Vijiko vingapi, mama?"

Vilikuwa sita kwa kikombe, na vikombe vitatu. Sukari ile ilikuwa ikiungua ndani yake na kupandisha namba juu kwa juu. Kwaya nzima ilikuwa hivyo: nane na nusu, tisa, tisa nukta mbili. Walitoka wakiwa wamekunja karatasi zao ndani ya ngumi. Nje, watu wa kipaza walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa mawe, saba zao zikipepea vifuani, wakitikisa vichwa kwa huruma.

Kabla ya mwisho akaja Pasta Jonah. Alikuwa amefunga kwa maji tu, maskini, na alikuwa na hofu kuliko wote. Ndinda alipombana pua macho yalimtoka. Alipomtia bomba alianza kupumua kama mtu anayekimbizwa na nyuki, hahu, hahu, hahu, na mfuko ukajaa kwa dakika nne badala ya kumi.

"Pole pole, Pasta."

"Hahu, hahu," akajibu Pasta.

Ndinda alisoma. Kumi na moja nukta nne.

Alikaa akiitazama ile namba. Hakuna chakula duniani ambacho kikiungua kwa njia ya kawaida kwa mtu mwenye njaa kinaleta hiyo. Alijua maana yake: damu huwa na akiba ya kaboni dayoksaidi, na mtu akihema kwa nguvu anaimwaga nje kwa wingi, si kwa sababu ameichoma sasa hivi bali kwa sababu anaitapanya. Oksijeni haiongezeki hivyo. Namba ya Pasta haikueleza chakula chake. Ilieleza woga wake.

"Tutarudia kesho, ukitulia," akamwambia, akaficha karatasi.

Lakini mwanakwaya mmoja alikuwa amechungulia dirishani, na katika muda wa kumwagilia sukumawiki habari zikaenea. Watu wa kipaza wakasema Pasta amekula gunia. Watu wa kinanda, waliokuwa wakitafuta cha kushikilia, wakasema hapana, tazameni vizuri: amepokea kumi akatoa kumi na moja na zaidi! Ametoa kuliko alivyopokea! Mikate mitano na samaki wawili! Wanawake watatu walipiga magoti mbele ya mlango wa Pasta, naye akakimbilia chooni akajifungia.

Wa mwisho kabisa alikuwa Susu Syokau, bibi wa miaka sabini na kitu aliyeketi siku zote kwenye benchi la nyuma kwa sababu masikio yake yalikuwa yamechoka. Alilala, akabanwa, akapumua kwa utulivu kama mtoto. Saba nukta tatu. Aliichukua karatasi yake, akaitia ndani ya kitambaa alichofungia shavu, akaondoka bila neno.

Mchana ule Ndinda alikwenda buchani kwa Mutie kutafuta nyama. Yeye hakuwa amefunga. Alikuta mbuzi watatu wakining'inia, wekundu, wembamba, wamekwanguliwa kama mbao.

"Nipe nusu kilo, na mafuta kidogo ya kukaangia."

Mutie alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mafuta? Dada, tangu Alhamisi mafuta ya buchani humu yameokoka. Yote yamekwenda kanisani."

"Kanisani vipi?"

"Mkia wa kondoo, ya figo, ya tumbo, yote. Mzee Mwangangi anayeyusha nyuma ya ghala lake. Wanakuja na vikombe. Hawagusi nyama! Nimewaambia chukueni hata ubavu, wakasema ubavu ni dhambi." Akafuta macho. "Mimi ni Mkatoliki, sielewi mafundisho yenu."

Ndinda aliondoka bila nyama. *Oksijeni haiulizi yametoka wapi.* Alikuwa amemwambia mwenyewe, kwa kinywa chake, huku akisafisha vali. Mafuta ya kiuno cha mtu aliyefunga na mafuta ya mkia wa kondoo yanaungua sawasawa, saba kwa kumi, na hakuna kioo duniani cha kuyatofautisha. Mwenye njaa ya kweli na vijiko sita vya sukari alikuwa ameonekana mlafi, na mlafi mwenye akili alikuwa ameonekana mtakatifu. Alijua anachopaswa kufanya na alitamani kusikia honi ya gari la Daktari Mulei likija kumchukua kabla ya Jumapili.

Gari halikuja. Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Pasta alikuwa na miduara myeusi machoni. Mzee Mwangangi alikuwa mbele na saba yake kwenye koti, ingawa uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na alikuwa akishika tumbo.

Ndinda aliinua mkono. "Nina kosa la kukiri. Niliwaambia mfuko wangu unajua nani amefunga. Haujui. Unajua tu kinachoungua. Ukichoma mafuta yako mwenyewe unasoma saba. Ukichoma mafuta ya kondoo unasoma saba. Ukinywa chai ya sukari unapanda, hata kama una njaa ya kufa. Na Pasta hakula kitu wala hakufanya muujiza. Alihema tu. Karatasi hizi zivueni. Nilifanya vibaya kuwapa."

Mama Muthoki akageuka polepole kumtazama Mzee Mwangangi. "Mafuta ya kondoo?"

"Nani kasema kondoo?" akauliza mzee.

"Mutie," akasema mtu.

Ikawa kelele. Mzee Mwangangi alisubiri ipungue, akavuta koti, akasimama kwa heshima zote. "Ndiyo. Nilikunywa. Sikutafuna. Niliyeyusha, nikanywa kwa kikombe. Pasta, ulisema kinachotafunwa ni chakula na kinachonywewa si chakula. Au ulisema hivyo kwa ajili ya kwaya peke yao?"

Watu wakamtazama Pasta. Pasta akatazama Biblia, ambayo haikuwa na habari za jambo hilo.

"Kama mafuta ni chakula," akaendelea mzee, "basi na chai ni chakula, na wote tumekula. Kama chai si chakula, sote tumefunga. Chagua."

Mwanakwaya mmoja aliyekuwa na akili za sheria akapaza sauti: "Basi apige kura yule ambaye hakunywa chai wala mafuta!"

Pasta alijitoa mwenyewe upesi, akasema mchungaji hapigi kura. Wakahojiwa mmoja mmoja, benchi kwa benchi. Chai. Mafuta. Chai. Mafuta. Chai na mafuta, huyo akazomewa na pande zote mbili. Hatimaye wakafika benchi la nyuma kabisa.

"Susu," akasema Pasta, akiinama sikioni mwake. "Wewe ulikunywa chai?"

"Maji."

"Na mafuta?"

"Maji!"

Kanisa likashusha pumzi. Mmoja amepatikana! Wakamwinua, wakampeleka mbele, watu wa kipaza wakimshika mkono wa kulia na watu wa kinanda wa kushoto. Pasta akapaza sauti yake yote ndogo: "Susu Syokau! Bwana amekuchagua wewe! Katika mfungo huu, umesikia nini? Kipaza sauti au kinanda?"

"Mfungo gani?" akauliza Susu.

"Huu! Wa siku nne!"

"Mimi sijafunga," akasema Susu kwa hasira, akifungua kitambaa shavuni. Shavu lilikuwa limevimba kama kibuyu. "Nina jino. Tangu Jumanne siwezi kula hata uji. Huyu msichana mwenye mfuko nilidhani ni daktari wa meno. Nimelala, amenibana pua, ametia mpira mdomoni, amenipa karatasi. Jino bado liko!"

Ndinda alijifunika uso kwa mikono. Hakujua kama analia au anacheka, na jirani yake kwenye benchi hakujua pia, akampigapiga mgongoni kwa njia inayofaa yote mawili.

Pasta Jonah, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, alipiga meza. "Mfungo umekwisha!" akapiga kelele, akashtuka mwenyewe. "Mutie ana nyama ambayo hakuna aliyeitaka. Wanawake wasonge ugali, wanaume walete kuni. Tutakula, kisha kila mtu mwenye pumzi atapiga kura. Na mtu ampeleke Susu zahanati ya Tawa, sasa hivi!"

Wakala. Ilikuwa nyama ngumu, isiyo na mafuta hata tone, lakini ililiwa kama ya arusi. Walipomaliza wakasimama kupiga kura kwa kuinua mikono, na hapo ndipo mafuta ya kondoo yalipodai haki yake. Matumbo yaliyokaa siku tatu yakinywa mafuta matupu, kisha yakatupiwa ugali kwa ghafla, hayakuvumilia. Watu sita wa kipaza, Mzee Mwangangi akiwa wa kwanza, walikuwa kwenye foleni ya choo mikono ilipohesabiwa. Kinanda kilishinda kwa kura mbili. Mzee alipeleka pingamizi lake kwa kupiga kelele kutoka ndani ya choo, na ikasemwa kwamba alisikika vizuri hadi ng'ambo ya mto bila kipaza.

Daktari Mulei alifika Jumanne. Ndinda alimsimulia yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Daktari alikasirika kuhusu karatasi, na alikuwa na haki. Alisema maneno makali juu ya siri za watu, na Ndinda akayapokea. Kisha akakaa kwenye kitanda cha kamba na daftari, akaanza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu.

"Hawa kumi na wanane walikunywa mafuta matupu siku tatu?"

"Ndiyo, daktari."

"Kwa hiari yao?"

"Kwa imani yao."

"Na hawa sukari tu, na njaa." Akageuza ukurasa. "Nairobi huwezi kupata mtu mmoja akakubali hivi, hata ukimlipa." Akavua miwani. "Huwezi kuvitumia vipimo hivi, lakini. Hawakukubali kwa ajili ya utafiti. Walidhani ni kwa ajili ya Mungu."

"Najua," akasema Ndinda.

Alichukua daftari, akatafuta kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye kurasa zote za wiki ile, mmoja baada ya mwingine, kwa mkono wake mtulivu. Hesabu yake ikarudi kuwa watu kumi na mmoja. Asubuhi iliyofuata alitandika kitanda, akafungua mlango wa chumba cha shule ya Jumapili, na akakaa kusubiri. Saa moja na nusu Mama Muthoki aliingia, akavua kitambaa cha kichwa, akalala.

"Leo sijanywa chai," akasema. "Pima kwa ajili ya huyo daktari wako. Na namba usiniambie."

Ndinda akambana pua.